Karenti resho inasema mbili, hela ya kulipa haipo: namna ya kupiga kwiki resho na kwa nini stoki inatolewa

Kuna mfanyabiashara mmoja nilikuwa namfungia hesabu, anauza printa na katriji za wino kwa jumla, mwaka huo mizania yake ilitoka safi, mali za muda mfupi mara mbili ya madeni ya muda mfupi, nikamkabidhi nikiwa na amani kabisa. Wiki mbili hazijaisha ananipigia simu, benki imerudisha cheki aliyomwandikia msambazaji. "Sasa ile mbili uliyonionyesha iko wapi?" Swali la haki kabisa hilo, na jibu lake lilikuwa stoo, ndani ya maboksi.

Ile mbili ndo karenti resho, mali za muda mfupi gawa kwa madeni ya muda mfupi. Tangu siku hiyo siitoi peke yake bila kuweka pembeni yake kwiki resho, ambayo upande wa mali inahesabu hela na vilivyo karibu sana na hela tu. Nitapita nayo hatua kwa hatua kwa kutumia hesabu za huyo huyo bosi, namba nimezibadilisha na kuzirahisisha ila picha ni ile ile. Ziko kwa maelfu, sarafu weka yoyote unayotumia.

Hatua ya kwanza: panga mali na madeni ya muda mfupi

Muda mfupi hapa kwa kawaida ni miezi 12 kuanzia tarehe ya mizania. Upande wa mali unaweka vile vinavyotegemewa kugeuka hela au kutumika ndani ya muda huo, upande wa madeni unaweka vile unavyotakiwa kulipa ndani ya muda huo. Gari la kusambazia mzigo, rafu, kompyuta ya ofisini, hivyo haviingii.

Wengi wanakosea upande wa madeni. Mkopo wa miaka mitano wanauacha wote kwenye madeni ya muda mrefu, wakati marejesho ya miezi 12 inayofuata yanatakiwa kutolewa humo na kuletwa huku. Halafu ovadrafti, mtu anaikata juu kwa juu kwenye salio la akaunti nyingine ili ionekane ana hela kidogo tu badala ya deni. Usifanye hivyo bila sababu ya maana, ovadrafti ni deni na kwa kawaida benki ina haki ya kuidai muda wowote, yaani ndo deni fupi kuliko yote uliyonayo.

Ukishapanga, kwenye Excel inakaa hivi:

```
B2   Taslimu na benki            60
B3   Wadaiwa                    240
B4   Malipo yaliyotangulia       60
B5   Stoki                      540

B7   Wasambazaji                260
B8   Ovadrafti                   90
B9   Kodi                        50
B10  Mkopo, miezi 12 ijayo       50
```

Wadaiwa ni wateja waliochukua mzigo kwa mkopo na hawajalipa bado, malipo yaliyotangulia ni pango la ghala alilolipa mbele pamoja na bima. Mali jumla 900, madeni jumla 450.

Hatua ya pili: karenti resho

```
=SUM(B2:B5)/SUM(B7:B10)
```

900 gawa kwa 450, inatoka 2. Maana yake kila 1 anayodaiwa kwa muda mfupi, ana 2 za muda mfupi za kuikabili. Vitabu vingi vya uhasibu vinasema 2 ni nzuri, na ndo maana nilikuwa na amani. Lakini angalia hiyo 900 imetengenezwa na nini, 540 kati yake ni stoki, asilimia 60 nzima. Karenti resho inajumlisha hela iliyopo benki na katriji iliyopo juu ya rafu kama vile ni kitu kimoja, na msambazaji anayekudai hapokei katriji.

Hatua ya tatu: kwiki resho

Hapa unabakiza vile tu vilivyo hela tayari au vilivyo karibu sana na hela. Taslimu, benki, wadaiwa, na kama kampuni ina uwekezaji wa muda mfupi unaouzika haraka, nao unaingia. Wengine wanakiita kipimo cha asidi, jina limetoka kwa watu wa dhahabu waliokuwa wakipima kwa asidi ya naitriki, madini ya bei rahisi yanaliwa, dhahabu inabaki. Ni jina zuri kwa sababu kazi ni ile ile, unamwaga asidi kwenye ile 900 uone kinachobaki.

```
=(B2+B3)/SUM(B7:B10)
```

60 jumlisha 240 ni 300, gawa kwa 450, unapata 0.67. Kutoka 2 mpaka 0.67 kwa biashara ile ile siku ile ile, na kwa kwiki mazoea ni kutaka angalau 1.

Ona kwamba fomula yangu inajumlisha vinavyobaki, haijaanza na 900 ikatoa stoki. Nafanya hivyo makusudi. Ukichukua 900 ukatoa 540 unapata 360, gawa kwa 450 ni 0.8, na hapo umeacha ndani 60 za pango na bima. Hela hiyo ilishaondoka, mwenye ghala hatakurudishia pango la miezi ijayo eti kwa sababu msambazaji wako amekuja juu. Kuna vitabu vinatoa stoki peke yake na kwa biashara nyingi tofauti ni ndogo, ila kama malipo yaliyotangulia ni makubwa kama hapa, 0.8 inakupa faraja ambayo huna. Na ukilinganisha kampuni mbili, hakikisha umetumia fomula moja kwa zote, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Sasa kwa nini stoki ndo inatolewa

Bosi aliniuliza hivi hivi, mbona wadaiwa umewaacha ndani na hao nao hawajalipa? Nikamwambia bosi tuhesabu siku.

Gharama ya mauzo yake, yaani gharama ya mzigo aliouza, kwa mwaka ilikuwa 1,620. Stoki 540 gawa kwa 1,620 zidisha 365, unapata kama siku 122. Maana yake katriji ikiingia stoo leo inakaa kwa wastani miezi minne ndo itoke. Na ikitoka haileti hela bado, kwa sababu anauza kwa mkopo. Mauzo ya mwaka 2,190, wadaiwa 240, 240 gawa kwa 2,190 zidisha 365 ni siku 40. Kwa hiyo mdaiwa yuko hatua moja tu mbali na hela, ameshachukua mzigo, ankara anayo, kilichobaki ni kulipa. Stoki iko hatua mbili, kwanza apatikane mnunuzi, halafu huyo mnunuzi naye asubiriwe alipe. 122 na 40 ni siku 162, wakati wasambazaji wake wanataka hela ndani ya siku 60. Ndo hapo cheki ilipogonga mwamba.

Hatua ya kumpata mnunuzi ndo ngumu zaidi kwa sababu haina ahadi ya mtu yeyote nyuma yake. Mdaiwa unaweza kumpigia simu, kumwandikia barua, hata kumpeleka mahakamani. Boksi la katriji ambalo halina mnunuzi utampeleka nani mahakamani?

Halafu bei. Wadaiwa wameandikwa kwa kiasi walichokubali kulipa, ila stoki imeandikwa kwa gharama uliyonunulia, na hiyo haimhusu kabisa mnunuzi wa leo. Siku ile tuliingia stoo wote wawili na karatasi ya kuhesabia mzigo, huku mbele maboksi yanaingia na kutoka, utepe bado unang'aa. Tukasogea mpaka ukuta wa nyuma, huko rafu nzima ya katriji za aina moja ya printa ambayo mtengenezaji alishaacha kuitoa. Vumbi juu yake unaweza kuandika jina kwa kidole. Geuza boksi, tarehe ya mwisho ya matumizi imebaki miezi mitano. Kwenye karatasi zimeandikwa 180, theluthi nzima ya stoki. Nikamuuliza leo ukitaka ziishe wiki hii utauza kwa ngapi, akafikiri akasema labda nusu, tena nimpate mtu.

Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 2, mzigo kama huo ulitakiwa kuandikwa kwa bei ya chini kati ya gharama yake na kile utakachopata kweli ukiuuza baada ya kutoa gharama za kuuuza. Tuseme tunaushusha mpaka 90. Stoki inakuwa 450, mali zote 810, karenti resho inashuka mpaka 1.8. Kwiki resho inabaki 0.67, haijatikisika, kwa sababu haikuwahi kuiamini hiyo 180 tangu mwanzo. Hapa ndo utaona faida ya kuitoa stoki, makosa yote ya kuhesabu mzigo, kukadiria bei, kubeba vilivyoharibika, yanabaki nje ya kipimo, na stoki ni moja ya sehemu rahisi zaidi za mizania kuchezewa au kukosewa.

Lipo na jambo la tatu ambalo watu hawalifikirii. Hata ile stoki nzuri ya mbele huwezi kuigeuza yote hela ukalipia madeni halafu ukabaki na biashara. Mteja akija akakuta rafu tupu anaondoka, hivyo kila boksi linalotoka lazima lingine liingie, sehemu fulani ya stoki kiukweli ni ya kudumu kama rafu zenyewe ingawa kwenye mizania inakaa kwenye muda mfupi.

Hatua ya nne: jaribu miamala mitatu uone karenti resho inavyodanganyika

Hii fanya mwenyewe kwenye hiyo Excel, badilisha namba halafu urudishe, utaelewa kuliko maelezo yoyote.

Muamala wa kwanza, nunua stoki ya 50 kwa taslimu. B2 inakuwa 10, B5 inakuwa 590. Karenti resho bado 2 kamili, haijaona kitu. Kwiki resho inashuka kutoka 0.67 mpaka 0.56. Hela imegeuka maboksi na ni kipimo kimoja tu kilichopiga kelele. Bosi wangu alikuwa anafanya hivi mwaka mzima, kila akipewa punguzo la bei kwa kununua mzigo mkubwa anachukua, na kila robo karenti resho inatoka pale pale, anaona mambo yako sawa.

Muamala wa pili, rudisha namba, sasa nunua stoki ya 100 kwa mkopo. B5 inakuwa 640, B7 inakuwa 360. Karenti resho ni 1,000 kwa 550, yaani 1.82. Kwiki resho ni 300 kwa 550, 0.55. Zote zimeshuka, sawa, ila deni limeongezeka na upande wa hela haujaongezeka chochote, ndo maana kwa asilimia kwiki inaumia zaidi.

Wa tatu ndo wa kuuangalia sana ukiwa unasoma hesabu za mtu mwingine. Siku moja kabla ya kufunga mwaka mtu analipa msambazaji 50 kwa taslimu. B2 inabaki 10, B7 inakuwa 210. Karenti resho ni 850 kwa 400, inapanda mpaka 2.13, na biashara haijawa na nguvu zaidi hata kidogo, imebakiza 10 tu ya hela. Kwiki resho ni 250 kwa 400, inashuka mpaka 0.63. Sababu ni ya kihesabu tu, ukitoa kiasi kile kile juu na chini, namba iliyokuwa zaidi ya 1 inapanda na iliyokuwa chini ya 1 inashuka. Kwa hiyo ukiona karenti resho imeruka mwisho wa mwaka na kwiki imeshuka, nenda kaangalie malipo ya wiki ya mwisho na hela iliyobaki benki.

Hatua ya tano: kagua kilichobaki ndani ya kwiki resho

Kwiki resho ni kali ila si kali ya kutosha kama wadaiwa wako ni wa kwenye makaratasi tu. Toa orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, siku 0 mpaka 30, 31 mpaka 60, na kuendelea. Kwa bosi tulikuta 40 kati ya zile 240 zina zaidi ya miezi sita, wateja wawili, mmoja hata simu hapokei tena. Ukizitoa, 60 na 200 ni 260, gawa kwa 450 ni 0.58. Njia nzuri ya kujua deni ni zima au la ni kuangalia benki baada ya tarehe ya mizania, waliolipa ndani ya wiki zilizofuata hao walikuwa wadaiwa wa kweli.

Angalia pia kama mdaiwa mmoja amebeba sehemu kubwa. 0.67 inayotegemea mteja mmoja si sawa na 0.67 ya wateja hamsini, fomula haioni tofauti, wewe unatakiwa uione.

Hatua ya sita: weka tarehe

Uwiano wowote unachukulia kama madeni yote yanadaiwa siku moja, na si kweli. Kodi ina tarehe yake, msambazaji ana yake. Hivyo kwiki ikitoka chini ya 1 usikimbilie kusema biashara inakufa, chukua siku 60 zijazo uandike kinachoingia na kinachotoka. Kwa bosi ilikuwa hivi: zinazoingia ni 60 zilizopo, 200 za wadaiwa wazima, na mauzo ya siku 20 za kwanza tu, kwa sababu ya siku 21 na kuendelea yatalipwa nje ya siku 60 kwa wateja wanaochukua siku 40. Mauzo ni 6 kwa siku, mara 20 ni 120. Jumla 380. Zinazotoka ni wasambazaji 260, kodi 50, mishahara na matumizi mengine 80, marejesho ya mkopo ya miezi miwili kama 8. Jumla 398.

Amepungukiwa 18, na hapo ovadrafti ya 90 hatujaigusa, tumechukulia benki imenyamaza. Upungufu wenyewe si wa kutisha, unazibika, ila lazima ujue mapema. Tulichofanya ni kuuza zile katriji za ukuta wa nyuma kwa nusu bei kwa taslimu, tukasimamisha manunuzi ya aina zinazotoka polepole, na akaenda kuongea na msambazaji mkubwa kabla ya siku ya malipo badala ya kusubiri cheki irudi tena. Zile katriji hazikuisha zote, zilileta 55 badala ya 90 tuliyokadiria, na hiyo ndo stoki bwana, hata makadirio ya nusu bei yalikuwa ya juu.

Pale ambapo kwiki ndogo si ugonjwa

Ile 2 ya karenti na 1 ya kwiki ni mazoea tu, hakuna sheria iliyoziweka, na ukizishika kama amri utawahukumu watu vibaya. Supamaketi inauza kwa taslimu, mzigo unatoka kwa siku chache, wasambazaji wanalipwa baada ya wiki kadhaa, yaani hela ya mteja inafika kabla ya bili. Biashara ya hivyo inaweza kuishi miaka na kwiki resho chini kabisa ya 1, hata karenti chini ya 1, bila kukosa kulipa mtu. Stoki yake haina zile hatua mbili, mteja akipita kaunta ni hela hapo hapo. Kampuni ya ushauri au ya ukaguzi nayo haina stoki ya kusema, vipimo viwili vinakaribiana na kwiki haikuongezei habari nyingi, hapo nguvu zako peleka kwa wadaiwa.

Kwiki inafanya kazi kubwa zaidi kule ambako mzigo unakaa muda mrefu na unauzwa kwa mkopo, viwanda vyenye bidhaa ambazo hazijakamilika, mashine, spea, nguo za mtindo, vitu vya kielektroniki vinavyopitwa na wakati. Bidhaa iliyo nusu kiwandani ni mbali zaidi hata ya zile hatua mbili, inabidi kwanza itiwe hela nyingine ili ikamilike ndo itafutiwe mnunuzi. Kwa biashara hizo usisome namba ya mwaka mmoja, panga angalau miaka mitatu mstari kwa mstari. Karenti ikiwa imetulia na kwiki inateremka kila mwaka, ujue hela inahamia stoo, chukua karatasi ya kuhesabia mzigo uende mpaka ukuta wa nyuma.